Tangazo la "Natafuta Kazi" Ambalo Mtu Atalituma kwa Bosi Wake

"Habari zenu wapendwa. Naombeni koneksheni ya kazi yoyote halali, hali ni ngumu sana. Mshahara wowote sawa, popote Tanzania naenda. Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na najifunza haraka. Mungu awabariki."

Ujumbe wa namna hii unapita karibu kila siku kwenye magrupu ya WhatsApp ya waliosoma pamoja, ya mtaa, ya kanisa na ya msikiti. Watu wanaujibu kwa upole: "Pole ndugu yetu", "Tuko pamoja", "Mungu atafungua mlango". Kisha soga zinaendelea, ujumbe unapanda juu na kupotea. Katika grupu lile lile huenda yupo mtu ambaye kaka yake ni meneja wa ghala, au ambaye asubuhi hiyo alisikia ofisini kwao wakilalamika kuwa stoo haina mtu. Amesoma ujumbe mzima na hajui kwamba aliyeuandika ametunza stoo kwa miaka minne, kwa sababu hakuambiwa.

Mara nyingi tangazo la kutafuta kazi halisomwi kwanza na mwajiri. Linasomwa na mtu wa kati: mliyesoma naye, aliyekuwa mfanyakazi mwenzako, mteja wa zamani, shemeji. Yeye hana nafasi ya kukupa, ila anamfahamu mwenye nayo. Anachoogopa ni kujiharibia jina kwa kumpelekea bosi wake mtu asiyeeleweka. Akipata ujumbe unaojieleza wenyewe, atautuma kama ulivyo na kuongeza maneno machache tu: "Shikamoo mzee. Huyu dada nilifanya naye kazi, mwangalie." Akipata ule wa "kazi yoyote", itambidi akupigie, akuulize umesomea nini na uko wapi, kisha aandike upya kwa maneno yake. Wengi hawafiki huko.

Kwa hiyo kipimo cha tangazo zuri ni hiki: je, mtu anaweza kulituma mbele bila kuongeza maelezo? Tulifuate swali hilo kwa mfano mmoja. Mhusika awe dada anayeishi Nyakato, Mwanza. Ametunza stoo ya msambazaji wa jumla wa dawa na vifaa tiba, ana diploma ya ununuzi na ugavi, na mkataba wake umeisha mwezi Juni.

Taja kazi kwa jina linalotafutwa

Dada huyu anaweza kufanya mambo mengi. Amewahi kukaa kaunta, amewahi kusimamia magari ya kusambaza mizigo, na Excel anaijua vizuri. Kishawishi chake ni kuyaweka yote ili asikose chochote. Lakini mtu wa kati hakumbuki orodha. Anakumbuka kitu kimoja. Wiki mbili baadaye, mtu akimuuliza "humjui mtu wa stoo?", jina litakalomjia ni la yule aliyesema anatafuta kazi ya stoo.

Nafasi moja inatosha, na ya pili iwe jirani yake kabisa. Kwa dada yetu, mtunza stoo na msaidizi wa ununuzi zinakaa pamoja, kwani anayejua bidhaa gani inaisha ndiye anayejua nini kiagizwe. Mtunza stoo na karani wa mapokezi hazikai pamoja. Msomaji akiziona zimeandikwa kwa mkupuo ataona mtu anayetupa nyavu kila upande.

Jina lenyewe la nafasi nalo lina kazi. Kwenye LinkedIn, anayetafuta mtu anaandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, na matangazo mengi rasmi ya ajira hapa nchini yanatoka kwa Kiingereza. Ataandika `Storekeeper` au `Warehouse Officer`. Aliyejiita "mtaalamu wa mnyororo wa thamani mwenye shauku" hatatokea kwenye majibu. Njia rahisi ni kufungua matangazo kama kumi ya nafasi unayoitaka, uone waajiri wa eneo lako wanaiitaje, uchukue jina linalojirudia zaidi, hata kama kampuni yako ya zamani ilikuwa na jina la kifahari zaidi.

Aina ya stoo nayo isisahaulike. Stoo ya dawa inaishi kwa tarehe za kuisha muda na namba za bechi. Stoo ya mgodi inaishi kwa vipuri na namba zake, na stoo ya hoteli kwa vyakula vinavyoharibika. Meneja anajua tofauti hizo, na akisoma "stoo" peke yake atajiuliza ni ipi. Dada yetu akitaka kujaribu migodi ya Geita, aandike toleo jingine la tangazo linalotanguliza upokeaji wa mizigo na hesabu ya stoo, alipeleke kwa watu wa migodini.

Sifa zibadilike kuwa kazi zilizofanyika

"Mchapakazi, mwaminifu, anayejituma" hazina ubaya wowote isipokuwa kwamba kila mtu anaziandika, hata aliyefukuzwa kwa wizi. Msomaji hana namna ya kuzipima, hivyo anaziruka. Badala ya kujisifu, eleza ulikuwa unashika nini, ukubwa wake ulikuwa upi, na utajuaje kwamba ulikishika vizuri.

Stoo zina bahati hapo, kwa sababu kazi yake inaacha hesabu. Kila mwisho wa mwezi bidhaa zinahesabiwa rafuni na kulinganishwa na leja. Tuseme stoo ya dada yetu ilikuwa na aina 600 za bidhaa, na katika hesabu ya mwisho aina 588 zililingana na kitabu. Hiyo ni asilimia 98. Meneja wa ghala akisoma hivyo haitaji kuambiwa kuwa mwandishi ni mwaminifu na makini. Zaidi ya hapo, ataona kuwa anaelewa kwamba stoo hupimwa kwa namna hiyo, jambo ambalo mtu asiyewahi kushika leja hawezi kulibuni kwa urahisi.

Neno "aina" hapo nalo lina uzito. Aina 600 za bidhaa si makasha 600. Anayechanganya mambo hayo anajulikana mara moja kuwa hakuwahi kuhesabu. Kwa hiyo taja ulichohesabu, na kama namba huna, usitunge. Sema ukweli mwingine unaopimika: mlipokea mizigo mara ngapi kwa wiki, mlihudumia matawi mangapi, mlikuwa watu wangapi stoo. Mwajiri makini atampigia bosi wako wa zamani, na namba ya kubuni ndiyo ya kwanza kuanguka.

Kuna mipaka miwili ya kuzingatia. Wa kwanza ni siri za kazi. Thamani ya mzigo uliokuwa stoo, bei za wauzaji na hasara za kampuni si vyako kuvitangaza. Asilimia ya hesabu yako inaeleza utendaji wako. Ikiwa una wasiwasi hata na hiyo, ibakize kwa ajili ya usaili. Wa pili ni cheo. Biashara ya jumla ya dawa husimamiwa na mfamasia aliyesajiliwa. Mtunza stoo anayeandika kuwa "alisimamia dawa za kanda nzima" anajitwalia kazi ya mtu mwingine, na msomaji wa fani hiyo atashtuka. "Chini ya mfamasia msimamizi" ni maneno manne yanayomwonyesha kuwa anaijua nafasi yake.

"Popote naenda" humtia mwajiri mashaka

Watu huandika "popote" wakidhani wanajiongezea nafasi. Upande wa pili, mwajiri anapiga hesabu. Mtu anayetoka mbali atafika lini, atakaa wapi, na baada ya miezi mitatu hataomba kurudi kwao? Sheria nayo inamhusu. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri, mkataba unapokoma mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, amsafirishe yeye na mizigo yake kurudi alikoajiriwa, au alipe gharama hizo. Kampuni ndogo ya Kahama inapoona jina la mtu aliyeko Mtwara, hilo limo katika mahesabu yake hata kama halitamkwi.

Eneo linaelezwa kwa vitu viwili: uko wapi sasa, na uko tayari kwenda wapi. "Ninaishi Nyakato, Mwanza, niko tayari kuhamia Geita au Kahama" inamaliza maswali. Msomaji anaona miji iliyo karibu, anaona mwandishi amefikiri, na anajua kama amtaje au asimtaje kwa bosi wake. Usiahidi kwa haraka kuwa utabeba gharama zote za kuhama mwenyewe. Hilo ni la kuzungumza mezani, ukiwa umeshajua haki yako.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam jina la jiji peke yake halitoshi. Anayeishi Mbagala na kuandika "Dar" anaweza kuitwa kwenye ghala la Bunju, akashindwa kuripoti saa moja asubuhi. Taja mtaa au wilaya.

Eneo liendane na tarehe ya kuanza. Ambaye mkataba umeisha aandike kuwa anaweza kuanza wiki ijayo. Ambaye bado yuko kazini na analipwa kwa mwezi akumbuke kuwa sheria hiyo hiyo inataka notisi isiyopungua siku 28. Akiandika "nitaanza baada ya notisi ya siku 28" anamwonyesha mwajiri mpya kuwa hata yeye hatakimbiwa usiku.

Yanayofanya tangazo lisikike kama kilio

Shida ni ya kweli, na hakuna aibu kuwa nayo. Lakini "nina watoto watatu na kodi imeisha" inabadilisha mada. Msomaji anaacha kufikiria stoo, anaanza kufikiria msaada, na huenda akakutumia elfu kumi badala ya kukutumia kwa meneja. Maneno hayo mwambie rafiki wa karibu kwa simu, si grupu la watu 200.

"Mshahara wowote" ina madhara mawili. Inashusha bei kabla mazungumzo hayajaanza, na inavuta matapeli. Wanaotafuta wa kuwaibia huangalia matangazo yenye harufu ya haraka. Watakuja na ofa tamu, kisha waombe hela ya fomu, ya sare au ya mafunzo kabla hujaona hata ofisi yao. Mwajiri wa kweli hana sababu ya kukutoza ili akuajiri. Kwa sababu hiyo hiyo, namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa na picha za vyeti zisionekane kwenye tangazo. Zinasubiri hatua ambayo umeshamjua unayemtumia.

Sababu ya kuondoka kazini ipewe maneno machache: "mkataba uliisha Juni" au "kampuni ilipunguza wafanyakazi". Ukianza kueleza jinsi bosi alivyokuonea, hata kama ni kweli tupu, msomaji anajiuliza utamwandika vipi yeye. Ondoa pia "samahani kwa usumbufu". Kama ulichoandika ni taarifa iliyonyooka, hujamsumbua mtu.

Ombi la mwisho liwe dogo na mahususi. "Naombeni mnisaidie" haimwambii mtu afanye nini. "Kama unafahamu stoo inayohitaji mtu, naomba umtumie ujumbe huu anayehusika" inamwomba jambo la nusu dakika, na ndilo hasa unalolihitaji.

Tangazo likikamilika

Tukiunganisha yote, dada yetu anaweza kuandika hivi:

> Storekeeper, dawa na vifaa tiba | Mwanza, Geita, Kahama
>
> Natafuta nafasi ya mtunza stoo au msaidizi wa ununuzi katika kampuni ya usambazaji au hospitali.
>
> Kwa miaka minne nimetunza stoo ya jumla ya dawa na vifaa tiba jijini Mwanza, yenye aina 600 za bidhaa, chini ya mfamasia msimamizi. Nilipokea mizigo, nilijaza leja na bin kadi, nilitoa kwanza bidhaa zinazokaribia kuisha muda, na niliongoza hesabu ya stoo ya kila mwezi. Katika hesabu ya mwisho, aina 588 zililingana na kitabu.
>
> Natumia Tally na Excel. Nina diploma ya ununuzi na ugavi.
>
> Ninaishi Nyakato, Mwanza. Niko tayari kuhamia Geita au Kahama. Mkataba wangu uliisha Juni. Naweza kuanza wiki ijayo.
>
> Kama unafahamu stoo inayohitaji mtu, naomba umtumie ujumbe huu anayehusika. CV na majina ya wadhamini viko tayari. (Jina na namba ya simu)

Linasomwa kwa chini ya dakika moja. Hakuna mahali amesema kuwa anajiamini, wala hakuna mahali ameomba kuonewa huruma. Shemeji akilituma kwa meneja wa hospitali ya Kahama, meneja ataweza kuamua ampigie au asimpigie bila kumrudia shemeji kwa maswali.

Liwekwe wapi, na vipi

Kwenye WhatsApp lipeleke kama maandishi. Watu wengi hutengeneza bango lenye picha na rangi, lakini picha haitafutiki kwa neno, na namba iliyo ndani yake haibonyezeki. Mtu anayekumbuka "kuna dada wa stoo aliandika mwezi uliopita" ataandika "stoo" kwenye kisanduku cha kutafuta na maandishi yatatokea, bango halitatokea. Status ya WhatsApp inadumu saa 24, hivyo inafaa kukumbusha tu. Tangazo lenyewe liwe ndani ya magrupu na kwenye ujumbe wa mtu mmoja mmoja kwa watu kumi au kumi na tano wanaoijua kazi yako. Ujumbe wa mtu mmoja unaoanza kwa jina na salamu yake una nguvu kuliko ule uliomwagwa grupuni.

LinkedIn ina utaratibu wake. Chini ya jina lako kuna kitufe cha `Open to`. Ukikibonyeza na kuchagua `Finding a new job`, utaulizwa majina ya nafasi, maeneo, aina ya ajira na lini unaweza kuanza. Majina ya nafasi yanaruhusiwa hadi matano, lakini hulazimiki kuyajaza yote. Mawili yaliyo jirani yanatosha. Mwishoni unachagua wa kukuona. Ukichagua watu wote, picha yako inapata duara la kijani lenye maandishi `#OpenToWork`. Ukichagua `Recruiters only`, duara halitokei, na taarifa inaonekana kwa wanaotumia huduma ya kulipia ya kutafuta wafanyakazi.

Uchaguzi huo utegemee hali yako. Aliye bado kazini achague ule wa siri, akijua kuwa LinkedIn inajaribu kuwaficha waajiri wa kampuni yake lakini haiwezi kuhakikisha. Ambaye mkataba umeisha hana cha kuficha, na msambazaji wa kati wa Mwanza huenda hana huduma hiyo ya kulipia kabisa. Kwake duara la kijani lina faida, mradi mstari ulio chini ya jina ueleze kazi. Duara la kijani juu ya maneno "Natafuta fursa mpya" ni "kazi yoyote" ile ile iliyovaa suti.

Chapisho la LinkedIn linaonyesha mistari michache ya mwanzo tu mpaka msomaji abonyeze kuona yote. Kwa hiyo nafasi na eneo vikae juu kabisa. Anayeanza na "Safari ya maisha ina milima na mabonde" amezitumia sekunde za msomaji kabla hajataja stoo.

Tangazo lina mahali lisipofika. Ajira nyingi za serikali hupita Sekretarieti ya Ajira, na maombi hutumwa kwenye mfumo wa Ajira Portal. Huko hakuna wa kumtumia ujumbe. Kampuni kubwa nazo zinaweza kupokea jina lako kwa mtu wa ndani kisha zikutake uombe kama wengine. Tangazo halichukui nafasi ya maombi hayo. Faida yake iko zaidi kwenye nafasi ambazo hazijatangazwa, ambazo kwenye biashara za kati hujazwa kwa mtu kumuuliza mtu.

Wiki mbili tatu zikipita kimya, usirudie ujumbe ule ule kila Jumatatu. Kwanza lipime. Mwombe mtu asiye wa fani yako alisome, kisha akueleze bila kutazama: unatafuta kazi gani, wapi, na ulifanya nini. Akikosea moja, hapo ndipo pa kurekebisha. Kama watu wanapiga simu lakini wanakuita kwenye kazi za kaunta, jina la nafasi halijakaa sawa. Kama wanavutiwa na kukata tamaa wakisikia uliko, sehemu ya eneo ndiyo yenye shida. Ukilirudisha, lirudi na kitu kipya: kozi uliyomaliza, mji ulioongeza, au kazi ya muda ya kuhesabu stoo uliyoifanya mahali.

Ukipata kazi, ondoa duara, futa chapisho au andika juu yake kuwa nafasi imepatikana, kisha umjulishe kila aliyekutuma mbele, hata yule ambaye njia yake haikuzaa matunda. Alikuwa ameweka jina lake mbele ya bosi wake kwa ajili yako, na anastahili kujua kwamba asiendelee kuulizia.